200 jumlisha 100 ni 44: prosesa inavyosoma maagizo yake

Vijana watatu walituletea maabara kifaa walichokitengeneza wenyewe cha kuhesabu watu wanaoingia ukumbini kupitia milango miwili. Kila mtu akikatiza mwanga wa kihisi, namba ya mlango wake inapanda kwa moja. Kioo kilionyesha lango A 200, lango B 100, na chini yake: jumla 44. Walikuwa wameshabadilisha nyaya, vihisi na hata betri. Programu yenyewe hawakuigusa, maana kwa macho haikuwa na kosa:

```c
volatile uint8_t lango_a, lango_b;
uint8_t jumla;

jumla = lango_a + lango_b;
```

Kifaa chao kilitumia bodi ya Arduino Uno, ambayo ubongo wake ni chipu ya ATmega328P. Chipu hiyo haijui lugha ya C, na maneno `jumla` na `lango_a` hayafiki kwake. Kompaila huyafuta na kuacha anwani za kumbukumbu na namba za maagizo. Ukitaka kuona kilichobaki, andika `avr-objdump -d kaunta.elf`, na ule mstari mmoja wa jumla utautazama ukiwa umegeuka mistari minne:

```
80 91 00 01   lds r24, 0x0100
90 91 01 01   lds r25, 0x0101
89 0f         add r24, r25
80 93 02 01   sts 0x0102, r24
```

Upande wa kushoto ndio lugha ya mashine yenyewe, ikiwa imeandikwa kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa makundi ya 16. Upande wa kulia ni asembli, maandishi yale yale yaliyovikwa majina ili binadamu aweze kuyasoma. Agizo la kwanza linasema: nenda kwenye anwani 0x0100, chukua baiti iliyopo, iweke kwenye rejista r24. La pili linafanya hivyo hivyo kwa r25. La tatu linajumlisha, na la nne linarudisha jibu kwenye kumbukumbu.

Rejista ni vyumba vidogo ndani ya prosesa yenyewe. ATmega328P inavyo 32, r0 hadi r31, na kila kimoja kinabeba biti 8 tu. Hesabu zote hufanyika humo, kwani katika chipu hii hakuna agizo la kujumlisha namba zikiwa bado kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana maagizo matatu kati ya manne hapo juu ni ya kuchota na kurudisha, na ni moja tu linalofanya hesabu.

Tulitazame hilo moja kwa karibu. Chipu hii huhifadhi baiti ndogo kwanza, kwa hiyo `89 0f` husomwa 0F89. Kwa biti ni 0000 1111 1000 1001. Biti sita za mwanzo, 000011, ndizo zinazomaanisha "jumlisha". Biti kumi zilizobaki zinataja rejista mbili: tano zinazosomeka 11000, ambayo ni 24, na nyingine tano zinazosomeka 11001, ambayo ni 25. Hizi za pili zimegawanywa, moja ikiwa mbele ya zile za 24 na nne zikiwa nyuma yake. Biti hizo zikiingia kwenye saketi ya kutambua maagizo, zinafungua njia ya umeme kutoka r24 na r25 hadi kwenye kijumlishi, na jibu linarudi r24. Wakati huo huo rejista inayoshika anwani ya agizo linalofuata imeshasogea mbele, na agizo hilo limeanza kuchotwa. Kujumlisha kunachukua pigo moja la saa, na saa ya bodi hii hupiga mara milioni 16 kwa sekunde.

Sasa hesabu yenyewe. 200 kwa biti ni 11001000, na 100 ni 01100100. Ukizijumlisha kwa mkono unapata 1 00101100, biti tisa. r24 ina nafasi ya nane, na hizo nane, 00101100, ni 44. Ile biti ya tisa, ambayo darasani tungeiita "beba moja", ina thamani ya 256. Haikupotea. Prosesa iliiweka kwenye rejista ya pekee iitwayo SREG, katika biti inayoitwa bendera C. Bendera ikasimama kwenye 1, ikimaanisha kwamba jibu halikuenea. Lakini katika maagizo yale manne hakuna hata moja linaloitazama bendera hiyo. Kompaila iliambiwa kwamba `jumla` ni ya biti 8, ikatii.

Watu huniuliza kwa nini prosesa isisimame ipige kelele. Jibu ni kwamba haijui kama kuna kosa. Biti 11001000 ni 200 ukizisoma kama namba zisizo na hasi, lakini ni -56 ukizisoma kama namba zenye hasi. Na -56 jumlisha 100 ni 44, jibu sahihi kabisa! Agizo la `add` ni lile lile kwa usomaji wote wawili. Prosesa hutoa jibu moja na kusimamisha bendera mbili tofauti: C kwa anayesoma bila hasi, V kwa anayesoma na hasi. Hapa C ilikuwa 1 na V ilikuwa 0. Nani asome ipi, hilo limo kwenye programu, halimo kwenye chipu.

Tulibadilisha neno moja, `jumla` ikawa `uint16_t`, na moyo wa maagizo ukawa huu:

```
lds r24, 0x0100
lds r18, 0x0101
ldi r25, 0x00
add r24, r18
adc r25, r1
```

`adc` ni "jumlisha pamoja na bendera C". Kompaila hii ina desturi ya kuweka sifuri ndani ya r1, kwa hiyo r25 inapata 0 + 0 + 1. Rejista mbili sasa zinasomwa pamoja: 1 mara 256, kuongeza 44, ni 300. Kioo kikaonyesha 300.

Vijana wakasema basi na hesabu za milango ziwe biti 16, kwani mlango mmoja ukipitisha mtu wa 256 unarudi sifuri. Ni kweli, ila hapo unaingia ugonjwa mwingine, na huu ni mgumu zaidi kuukamata. Namba inapandishwa na katizo: mtu akipita, prosesa inamaliza agizo ililo nalo, inaacha kazi, inaongeza moja, kisha inarudi. Kusoma biti 16 kunahitaji `lds` mbili. Lango A liwe na 255. Prosesa imesoma baiti ndogo, r24 ina 255. Mtu anapita hapo hapo, namba inakuwa 256, yaani baiti kubwa 1 na ndogo 0. Prosesa inarudi na kusoma baiti kubwa, r25 inapata 1. Jibu: 511. Sekunde inayofuata kioo kinaonyesha 256, na hakuna atakayekuamini kwamba uliona 511. Ukiona namba inaruka karibu na 256 au 512 kisha inajirekebisha yenyewe, anza kuchunguza hapa.

Dawa ni kuzuia makatizo, ambayo swichi yake nayo ni biti mojawapo ya SREG, kwa muda wa kusoma tu:

```c
uint8_t hali = SREG;
cli();
uint16_t a = lango_a;
SREG = hali;
```

Zile `lds` mbili zinakula mapigo manne, robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mtu akipita katika muda huo, chipu inakumbuka katizo lake na kulihudumia mara tu `SREG` inaporudishwa. Ingekuwa watu wawili, mmoja angepotea, lakini hakuna watu wawili wanaoweza kupishana mlangoni kwa kasi hiyo.