Miaka mitatu ya diploma na miaka mitatu ya digrii havilingani

Kauli inayonichosha ni hii: "Yeye kasoma miaka mitatu, mimi pia nimesoma miaka mitatu, kwa nini yeye aitwe msomi wa digrii na mimi wa diploma?" Nimeisikia kwenye daladala, kwenye misiba, hata kwenye vikao vya kupanga mishahara, na kila mara wanaoisikiliza hutikisa kichwa kukubali, kana kwamba mtu kaonewa. Hakuna aliyeonewa. Waliotunga ngazi za sifa za elimu hawakuzijenga juu ya hesabu ya miaka.

Maana yenyewe ni fupi. Mfumo wa taifa wa sifa ni utaratibu unaozipanga tuzo za masomo katika ngazi zenye namba, kulingana na ugumu wa mambo ambayo mhitimu anatakiwa kuyaweza. Tanzania Bara tuzo za ufundi na taaluma, yaani NTA, zinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo wengi bado wanaliita NACTE kwa jina lake la zamani. Namba za NTA zinaanzia 4, kwa sababu 1 hadi 3 ni za mafunzo ya ufundi stadi, yale ya VETA. NTA 4 ni Astashahada ya Awali, NTA 5 ni Astashahada, NTA 6 ni Stashahada, ambayo ndiyo diploma. NTA 7 ni Stashahada ya Juu, NTA 8 ni Shahada, kisha 9 ni Uzamili na 10 ni Uzamivu. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na vina mfumo wao, ila shahada ya kwanza huko nako inakaa kwenye 8.

Turudi kwenye ile miaka mitatu. Mifumo hii inapima vitu viwili tofauti, na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni wingi wa masomo, unaohesabiwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea mwenyewe, na mwaka mmoja wa masomo kwa kawaida ni krediti 120. Cha pili ni ngazi, yaani ugumu wa kazi unayotarajiwa kuiweza. Aliyemaliza kidato cha nne akaingia chuoni anasoma mwaka wa kwanza katika NTA 4, wa pili NTA 5 na wa tatu NTA 6. Mwenzake aliyepita kidato cha sita anaingia chuo kikuu na kusoma miaka mitatu ya shahada. Ukijumlisha krediti, wote wawili wamebeba 360 au karibu na hapo. Kwa wingi wako sawa. Ila mmoja alianzia chini kidogo akafika 6, na mwingine alianzia juu yake akafika 8.

Asiyeridhika na hilo atazame upande wa pili. Mhitimu wa kidato cha sita naye anaweza kusoma diploma, na yeye huanzia NTA 5, kwa hiyo anamaliza kwa miaka miwili. Sasa tuna diploma ya miaka mitatu na diploma ya miaka miwili, zote NTA 6. Je, tuseme ya miaka mitatu ni kubwa zaidi? Hakuna mwajiri anayesema hivyo, na hata yule ndugu yetu wa daladala hasemi. Basi kama miaka haiwezi kuzitenganisha diploma mbili, haiwezi pia kuilinganisha diploma na digrii.

Huo ugumu unaopimwa ni upi hasa? Maelezo ya ngazi za NTA yanalieleza jambo hili vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa NTA 4, mhitimu anaweza kazi za kawaida, zile zinazojirudia na zenye maelekezo. Kwa NTA 5 anaweza pia baadhi ya kazi zisizo za kawaida, na kubeba dhamana ya utekelezaji wa kila siku. Kwa NTA 6, sehemu kubwa ya kazi anazoziweza si zile za kujirudia. NTA 7 inaingiza kazi changamano za kitaalamu na kiasi fulani cha kuwajibika kwa kazi za wengine. Kwa NTA 8 mhitimu anatarajiwa kufanya kazi katika mazingira yasiyotabirika, awajibike kwa kazi za wengine, agawe rasilimali, apange, atekeleze na atathmini.

Chukua ofisi ya uhasibu. Mfano huu ni wangu, haumo kwenye mtaala wowote, ila wahasibu watautambua. Mwisho wa mwezi daftari la fedha linaonyesha salio la benki la shilingi 5,000,000. Taarifa iliyotoka benki inaonyesha 5,380,000. Aliyeingiza malipo na mapokezi kwenye daftari hilo siku hadi siku, kwa utaratibu aliofundishwa, anafanya kazi ya NTA 4. Anayekaa chini kufanya usuluhishi wa benki, yaani kutafuta kwa nini daftari na taarifa ya benki havilingani, kwa fomu iliyozoeleka anakaribia NTA 5: anagundua kuwa kuna hundi ya 400,000 iliyoandikwa lakini aliyelipwa kwayo hajaipeleka benki, na kuna makato ya benki ya 20,000 ambayo hayajaingizwa daftarini. Laki nne ukitoa elfu ishirini ni laki tatu na themanini, na tofauti imepatikana.

Mwezi unaofuata usuluhishi unakataa. Kuna kiasi ambacho si hundi wala si makato, na fomu haina mahali pa kukiandika. Anayeweza kukifuatilia kiasi hicho hadi kwenye stakabadhi iliyoingizwa mara mbili, akasahihisha vitabu na kuandika maelezo yanayoeleweka, yuko kwenye kazi ya NTA 6. Na anayeuliza kwa nini stakabadhi iliweza kuingizwa mara mbili, akaubadilisha utaratibu wa idara nzima, akaamua nani apokee fedha na nani aziingize vitabuni, kisha akabeba lawama utaratibu mpya ukishindwa, yuko kwenye ngazi ya 8. Ni ofisi ile ile na daftari lile lile, lakini maamuzi yanayotakiwa hayafanani.

Kwa mfano huo huo utaona kwa nini ngazi haipimi akili ya mtu wala thamani yake kazini. Tabibu mwenye Stashahada ya Utabibu ni NTA 6, na kwenye zahanati ya kijijini anaokoa maisha ambayo mwenye shahada ya fani nyingine hawezi kuyagusa. Namba inalinganisha tuzo kwa ugumu wake, haimpi mtu kibali cha kuingia fani ya mwenzake. Naona watu wakikosea upande huu pia, wakimdharau mwenye diploma kana kwamba hakumaliza shule. Diploma si digrii iliyokatishwa njiani. Ni tuzo kamili yenye mwisho wake, na hata aliyeishia NTA 5 kwa kukosa ada ana astashahada halali mkononi. Hajaondoka mikono mitupu.

Kuvuka kutoka 6 kwenda 8 kuna masharti, na hapo ndipo wengi wanaumia. Kumaliza diploma peke yake hakufungui mlango wa chuo kikuu. Kwa utaratibu wa TCU mwenye stashahada anatakiwa awe na wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0, unaohesabiwa kwa kipimo cha 5, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kila programu inaweza kuongeza yake. Mwenye GPA ya 2.6 amefaulu na diploma yake ni NTA 6 kamili, anaajirika nayo, ila kwa sifa hiyo pekee hatapokelewa kwenye shahada. Pia ataombwa AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Ikishindikana kupata namba hiyo, kabla ya kulaumu mtandao, angalia kama chuo na programu uliyosoma vilikuwa na ithibati kwa ngazi ile. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali na kikawa na ruhusa ya kufundisha hadi NTA 5 tu kwa fani fulani.

Stashahada ya Juu nayo ina mkanganyiko wake. Zamani taasisi zetu nyingi za fedha na ufundi zilitoa Stashahada ya Juu ya miaka mitatu baada ya kidato cha sita, na matangazo ya kazi serikalini hadi leo huandika "Shahada au Stashahada ya Juu". Mwajiri ana haki ya kuzipokea zote mbili kwa nafasi moja. Lakini kukubaliwa kwenye tangazo moja la kazi hakuihamishi NTA 7 ikawa NTA 8. Usiichanganye pia na Stashahada ya Uzamili, ambayo ina neno hilo hilo lakini inasomwa na mtu ambaye tayari ana shahada. Nayo semina ya siku tano iliyotoa cheti cha mahudhurio haimo kwenye ngazi yoyote, hata kiwe na muhuri wa dhahabu.

Namba pia hazivuki mpaka jinsi zilivyo. Kenya ina mfumo wake, KNQF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, nao una ngazi 10. Diploma huko ni ngazi ya 6 kama kwetu, ila shahada ya kwanza ni ngazi ya 7. Afrika Kusini vilevile, shahada ya kawaida iko kwenye 7. Ulaya wana ngazi 8 tu, na shahada ya kwanza iko kwenye 6, namba ile ile tunayoiweka diploma sisi. Mkenya mwenye digrii akiandika "level 7" kwenye maombi ya kazi Dodoma, msomaji asiye makini atamhesabu kuwa na Stashahada ya Juu. Mtanzania mwenye Stashahada ya Juu akiandika hivyo hivyo Nairobi, atadhaniwa ana digrii, na siku ya uhakiki ataonekana mdanganyifu bila kukusudia.

Kwa hiyo unapojaza fomu, usiandike "miaka mitatu chuoni", wala usiandike namba peke yake. Andika jina la tuzo, mfumo wake na ngazi: Stashahada ya Uhasibu, NTA 6, Tanzania. Na yule anayesema miaka yake mitatu ni sawa na ya mwenzake, muulize kwa upole aliingia chuoni akitokea kidato cha ngapi, na cheti alichokabidhiwa mwishoni kimeandikwa NTA ngapi.