Cheti cha uanachama si orijini

Juzi tena. Saa kumi na moja alfajiri dereva anapiga simu kutoka Tunduma, mzigo umekwama kwa forodha ya Nakonde, upande wa Zambia. Dakika mbili baadaye mwenye mzigo ananitumia picha: cheti chake cha uanachama wa chemba ya biashara, kimewekwa fremu kabisa. "Kaka, si nimeshalipa ada ya mwaka mzima? Wanataka nini tena?"

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mbeya, na picha za fremu nimetumiwa nyingi kuliko salamu za Idi. Kwa hiyo nieleze mara moja.

Cheti cha uanachama kinasema kwamba wewe ni mwanachama, basi. Ofisa wa Zambia hana haja ya kukujua wewe, anauliza mchele umetoka wapi. Jibu lake liko kwenye cheti cha uasili wa bidhaa, ile orijini, na kila mzigo una ya kwake. Kwa biashara ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hapa kwetu tunaiomba TCCIA, yaani chemba yenyewe, na nadhani mkanganyiko unaanzia hapo: ofisi moja, karatasi mbili. (Fomu ya COMESA usihangaike nayo, Tanzania ilijitoa mwaka 2000.)

Dada huyu mwenye mzigo alinunua mchele Igurusi, mpunga wa Mbarali. Kwa uasili hakuna mchele safi kuliko huo: umelimwa, umevunwa na umekobolewa nchini, kwa hiyo ulistahili kuvuka bila ushuru wa forodha kwa utaratibu wa SADC. Bila orijini ulihesabiwa kama mchele wa kutoka popote duniani. Achague kulipa ushuru au kusubiri. Akasubiri, tukaanza kuomba orijini wakati gari liko mpakani, jambo linaloruhusiwa kwa nadra na linalotaka maelezo marefu.

Hapo likazuka la pili. Ankara yake iliandika mchele tu, namba ya forodha 1006.30. Nikamuuliza dereva, akasema mifuko 40 ni chenga. Chenga ni 1006.40. Tungeandika uzito wote chini ya namba moja, ofisa akafungua turubai, orijini ingetiliwa shaka yote, mchele mzuri ukiwemo. Tukarekebisha ankara kwanza, kisha orijini ikafuata ankara: idadi ya mifuko, uzito, jina la mpokeaji, vyote vilingane. Gari lililala mpakani siku mbili.

Na tafadhali, uanachama hauubadilishi mzigo. Kuna mzee aliniletea mafuta ya kula yaliyoagizwa nje, akayafungasha upya kwenye madumu yenye nembo yake, akitaka orijini kwa sababu yeye ni "mwanachama hai". Kufungasha upya hakuzai uasili. Hata angekuwa mwenyekiti.

Sasa, ujiunge au usijiunge? Kabla ya kulipa uliza swali moja ambalo watu wanaona aibu kuuliza: asiye mwanachama analipa kiasi gani kwa huduma hii hii? Tuseme ada ni shilingi 150,000 na mwanachama anapunguziwa 10,000 kwa kila orijini. Unahitaji magari 15 kwa mwaka ili ada irudi. Huyu dada anavusha manane. Kwa orijini peke yake, hesabu haimbebi. Na kama unauza parachichi za Rungwe au Njombe, zungumza na TAHA kwanza, wao kazi yao ni mboga na matunda.

Kinachobaki ni sauti mbele ya serikali, na hapo naomba niseme ukweli: sijui kuipima. Nimelipa ada miaka mingi na kuna mikutano niliyotoka na soda tu. Ila Baraza la Biashara la Mkoa lipo, Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, na chemba hukaa upande wa sekta binafsi. Malalamiko ya "tunaonewa njiani" hayafiki popote. Yanayofika ni yenye tarehe, jina la kizuizi, namba ya risiti na saa gari liliposimamishwa. Mwaka mmoja tulipeleka karatasi ya namna hiyo kuhusu kizuizi kimoja cha ushuru wa mazao, wanachama sita tukiwa tumesaini. Baada ya miezi kadhaa kikaondolewa. Ni sisi, au kilikuwa kinaondoka tu? Siwezi kuapa.

Dada nimemwambia aulize bei ya asiye mwanachama kabla ada yake haijaisha. Na fremu aiache dukani. Wateja wa rejareja wanaipenda.