Kumi na tano haihesabiwi mara mbili

Katika mafunzo ya jioni ninayoyaendesha hapa Chake Chake, kila kundi jipya nalipa swali hili: jumlisha namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawika kwa 3 au kwa 5 bila kubaki. Wengi huniletea 266,333. Hesabu zao ni safi, lakini jibu si hilo.

Wamejumlisha vigawe vya 3, wakajumlisha vya 5, wakaunganisha. Sasa 15 imo kwenye orodha zote mbili, na 30, na 45, hadi 990. Ni kama mgeni wa harusi aliyealikwa na upande wa bwana na upande wa bibi: ana kadi mbili mkononi, lakini kwenye sinia la pilau anakaa mara moja. Mpishi akihesabu kadi, atapika zaidi.

Tuanze na vigawe vya 3. Cha mwisho ni 999, yaani 3 mara 333, kwa hiyo tunatafuta jumla ya 1 mpaka 333 kisha tuizidishe kwa 3. Andika safu hiyo mara mbili, moja ikipanda na nyingine ikishuka chini yake. Kila jozi inatoa 334, na jozi ni 333. Zidisha upate 111,222, gawa kwa 2 kwa sababu safu imeandikwa mara mbili: 55,611. Mara 3, ni 166,833.

Kwa njia hiyo hiyo vigawe vya 5 vinatoa 99,500. Hapa angalia: viko 199, si 200, maana 1000 yenyewe haimo chini ya 1000. Anayeisahau hiyo, jibu lake hupita kwa elfu moja kamili, na ndivyo ninavyomtambua.

Vigawe vya 15 viko 66, jumla yao 33,165. Vimeingia mara mbili, tunavitoa mara moja tu, vibaki mara moja: 266,333 toa 33,165, unapata 233,168.

Sasa jambo linalowaponza hata wajuzi. Hupima njia yao kwa namba ndogo, chini ya 10: 3, 5, 6 na 9, jumla 23. Njia mbovu nayo inatoa 23! Chini ya 10 hakuna 15, basi kosa halina pa kujitokeza. Pima chini ya 20. Vya 3 ni 63, vya 5 ni 30, pamoja 93. Ukihesabu kwa vidole 3, 5, 6, 9, 10, 12, 15, 18 unapata 78. Pengo ni 15 kamili.

Na ukibadilishiwa namba, ukapewa 4 na 6, usikimbilie kuzizidisha. Kinachotolewa ni vigawe vya 12, kigawe kidogo cha shirika, si vya 24. Ukitoa vya 24, basi 12 na 36 zitabaki zimehesabiwa mara mbili.