Treni imekuja, treni ilikuja: -me- si wakati uliopita

Mpwa wangu wa darasa la sita aliniletea daftari juzi, tukiwa barazani hapa Kanyenye. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika jedwali la kitenzi "kuja" katika wakati uliopo, uliopita na ujao. Jedwali lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula. Lakini chini ya "wakati uliopita" aliandika mifano miwili: nilikuja, nimekuja. "Mjomba, zote si zimeshapita?" akaniuliza. Nikamwambia asubiri, maana swali hilo nimelisikia kwa watu wazima pia, tena wengine wanaoshika chaki.

Njeo ni alama ndani ya kitenzi inayoonyesha tendo liko upande gani wa wakati: sasa, nyuma au mbele. Alama za msingi ni tatu: -na-, -li- na -ta-. Hali ni kitu kingine. Inaonyesha tendo limefikia wapi: linaendelea, limetimia, au ni la mazoea. Jedwali la njeo kwa kitenzi "kuja" ni hili, basi:

| Nafsi | Uliopo | Uliopita | Ujao |
|---|---|---|---|
| mimi | ninakuja | nilikuja | nitakuja |
| wewe | unakuja | ulikuja | utakuja |
| yeye | anakuja | alikuja | atakuja |
| sisi | tunakuja | tulikuja | tutakuja |
| ninyi | mnakuja | mlikuja | mtakuja |
| wao | wanakuja | walikuja | watakuja |

Bibi anakuja kutoka Urambo. Wageni walikuja Jumapili wakaondoka Jumatatu. Mtakuja msibani kesho? Ukikanusha unapata "siji", "sikuja" na "sitakuja". Jedwali limekwisha, na -me- haimo.

Haimo kwa sababu -me- haisemi tendo lilikuwa lini. Inasema tendo limetimia na matokeo yake bado yapo. Nenda stesheni yetu ya Tabora, pale njia ya reli inapogawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza. Mtu anakuja mbio, begi kichwani, anamwuliza mzee aliyekaa kwenye benchi: "Mzee, treni imekuja?" Mzee akijibu "Imekuja," yule mtu ataongeza mwendo, kwa kuwa treni iko pale, inapakia. Akijibu "Ilikuja," ataweka begi chini. Treni ilifika, ikaondoka, na leo hasafiri. Kilichotofautiana katika majibu hayo mawili ni silabi moja tu, na silabi hiyo imeamua kama mtu atalala Tabora au ataamka akiwa Kigoma.

Sasa kanusha. Kinyume cha "imekuja" ni "haijaja", na kinyume cha "ilikuja" ni "haikuja". Ukiambiwa haijaja, unakaa unangoja. Ukiambiwa haikuja, unarudi nyumbani. Kama -me- na -li- zingekuwa kitu kimoja, ukanushi wake usingeachana njia namna hiyo. Wapo wengi wanaosema "haijakuja" badala ya "haijaja". Kwenye daftari mimi nashika "haijaja", ila sitagombana na mtu kwa hilo, maana zote mbili zinasema "bado".

Kuna kipimo kingine ambacho kwangu ndicho kinachomaliza ubishi. Sema: "Kesho saa mbili asubuhi treni itakuwa imekuja." Sentensi hiyo ni ya kesho, na -me- imekaa humo bila taabu yoyote. Sema tena: "Jana saa mbili treni ilikuwa imekuja." Sasa ni ya jana, na -me- ni ileile. Alama ya wakati uliopita haiwezi kuingia ndani ya kesho. Jaribu "itakuwa ilikuja" usikie inavyokwama. Kinachoonyesha wakati katika sentensi hizo ni -ta- na -li- za kitenzi "kuwa". Kazi ya -me- ni kusema tu kwamba kufika saa hiyo, kuja kumetimia. Nakiri kwamba hata -na- ina tabia hiyo kidogo, kwani tunasema "alikuwa anakuja" na "atakuwa anakuja". Lakini ikisimama peke yake, -na- hutupeleka kwenye sasa, ndiyo maana inabaki kwenye jedwali.

Angalia pia vitenzi kama lala, kaa, simama, vaa. Ukimwambia mtu "Mtoto amelala," unamtaka apunguze sauti. Mtoto yuko usingizini sasa hivi. Kama -me- ingekuwa ya wakati uliopita, "amelala" ingekuwa na maana kwamba alilala akaamka.

Asili ya alama yenyewe inaeleza haya yote, na kwetu huku haihitaji kutafutwa mbali. Wanaochunguza historia ya Kiswahili wanaeleza kwamba -me- ilitokana na kitenzi cha kale -mala, yaani kumaliza. Kiswahili cha leo tunalo "maliza", ambalo ni -mala hiyohiyo iliyoongezwa mnyambuliko. Ila mtu wa Tabora hahitaji hata "maliza" kuliona jambo hili. Kwa Kinyamwezi "kumala" ni kumaliza mpaka leo, na ukienda Kigoma, Waha wana "kumara". Bibi jikoni akisema kwa lugha yake kwamba amemaliza kupika, anatamka kitenzi kilekile kilichozaa -me-.

Zamani watu walisema kitu cha namna ya "nimele kuja", maana yake nimemaliza kuja. Vilikuwa vitenzi viwili: "mele", yaani umbo la -mala linaloonyesha kutimia, na baada yake "kuja". Kwa kutamkwa haraka vizazi hata vizazi, "mele" ikapukutika ikabaki "me", ikagandana na kilichofuata: nimekuja. Hiyo ndiyo sababu "ku" ya "kuja" imebaki katikati. Haikupachikwa baadaye. Ni mabaki ya kitenzi kilichosimama pale chenyewe.

Alama nyingine zina historia ya aina hiyo. -ta- ilikuwa "taka". Nataka kuja ikawa nitakuja, na "taka" nzima bado ipo ukisema "mgeni atakayekuja". -li- ni kitenzi cha kale cha kuwa, unachokikuta kwenye "aliye hai" na "walio safarini". -na- ni "na" ya kuwa na kitu. Kwa hiyo nina kuja, nili kuja, nataka kuja, nimemaliza kuja. Soma hizo nne kwa sauti utaona ni ipi ambayo haizungumzii wakati.

Lakini "ku" ya "sikuja" usiichanganye na hiyo. Ile ni alama ya kukanusha wakati uliopita. Utaigundua ukitumia kitenzi kirefu kama "fika": nilifika, sikufika. Katika "nilifika" hakuna "ku", bali katika "sikufika" ipo. Kwa hiyo "sikuja" ina "ku" moja tu, ya ukanushi, na anayeandika "sikukuja" ameweka zote mbili. "Ku" ya kitenzi chenyewe hubaki kwenye vitenzi vya silabi moja kama -ja, -la na -fa baada ya -na-, -li-, -ta- na -me-, kwa sababu alama hizo hazibebi mkazo wa neno. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "nilija" ingeutupa juu ya -li-. Alama kama -ki- na -ka- huubeba bila shida, ndiyo maana tunasema "akija" na "akaja".

Na ukitaka kuona historia ya -me- ikijirudia mbele ya macho yako, sikiliza vijana stendi. Wanasema "gari limeshakuja". Hiyo "sha" ni kitenzi "kwisha". Lilikuwa "limekwisha kuja", likawa "limeshakuja". "Kwisha" leo inapita njia ileile iliyopitwa na -mala: kitenzi cha kumaliza kinamomonyoka hadi kuwa silabi moja ndani ya kitenzi kingine. Wala hakuna anayesema -mesha- ni wakati uliopita.

Mpwa wangu alikuwa na hoja nyingine nzuri. Mama mdogo wake alifika kutoka Kigoma na mgebuka wa kukaushwa, na alipoulizwa amefika lini akajibu, "Nimekuja jana." Kama ni jana, si imepita? Nikamwambia: mama yako mdogo yuko wapi sasa? Yuko ndani. Basi amesema sawasawa. Jana amekuja, na kuja kwake bado kupo, kumekaa sebuleni. Siku atakaporudi Kigoma, ukiulizwa habari zake useme "alikuja". Tarehe peke yake haifukuzi -me-. Kinachoifukuza ni matokeo kutokuwepo tena.

Ndiyo maana sentensi moja ya daftari lake la historia ilinisumbua zaidi ya jedwali: "Stanley amekuja Ujiji mwaka 1871." Stanley alikuja Ujiji mwaka 1871, akamkuta Livingstone, na mwaka 1872 wote wawili walikuwa Kwihara, jirani na hapa tulipo. Baadaye akaenda zake. Kwa -me-, ni kama bado yuko Ujiji.

Hatukuifuta "nimekuja". Tulipiga mstari mwingine kwa rula chini ya jedwali, akaandika juu yake "hali timilifu", akaiweka humo pamoja na "sijaja" pembeni yake. Chini ya "wakati uliopita" ikabaki "nilikuja".