Kutoka sivii ndefu hadi wasifu mfupi wa NSF

Kazi yangu ni kupitia maombi ya ruzuku kabla hayajatumwa, na sehemu inayonila muda ni wasifu wa watafiti. Tuchukue mkemia wa maji anayejiunga na mradi wa floridi kwenye visima vya kuzunguka Mlima Meru. Fedha zinaombwa kwa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF. Sivii yake ina kurasa 14, inaanza na tarehe ya kuzaliwa na kuishia na wadhamini watatu. Hayo hayana pa kuingia. Fomu, inayojazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa SciENcv, inataka elimu, kisha vyeo, kisha mazao ya utafiti.

Elimu na vyeo vinaanza na cha karibuni kurudi nyuma, kwa tarehe ya kuanza. Kwetu tumezoea kuanzia shule ya msingi. Hapa uzamivu unatangulia shahada ya kwanza. Kwenye vyeo, mkemia wetu anataka kufuta uhadhiri wa heshima alionao sasa katika chuo cha nchi nyingine, kwa kuwa haumlipi. Namwambia aurudishe. NSF wanahesabu hata cheo kisicho na mshahara, na kukiacha kunaweza kusomeka kama kuficha.

Panapohitaji kisu kikali ni kwenye mazao ya utafiti. Nafasi ni hadi 5 kwa kazi zinazohusiana zaidi na mradi, na hadi 5 nyingine kwa kazi zenye uzito. Nami sianzi na sivii, naanza na ombi lenyewe: mkemia ametajwa wapi, na ameahidi nini? Hapa ameahidi kupima floridi na kueleza kwa nini kisima kimoja kinazidi jirani yake. Basi makala yake kuhusu visima inatangulia, hata kama ilitoka kwenye jarida dogo. Inafuata seti ya data ya sampuli zake, ambayo imehifadhiwa mtandaoni na ina kitambulisho cha kudumu, DOI, kisha makala ya upimaji kwa elektrodi. Makala yake inayonukuliwa kuliko zote inahusu tope la ziwa. Inamuuma, lakini inakwenda kundi la pili. Nafasi mbili za kundi la kwanza zikibaki wazi, ziachwe wazi; kazi ya kujazia inaonekana upesi.

Mada alizoalikwa kutoa zinaondolewa zote, pamoja na rasimu ambayo bado haijatumwa jaridani. Mafunzo aliyowapa mafundi wa maabara yanahamia kwenye hati tofauti ya shughuli za kuunganisha na kusambaza maarifa, ukurasa mmoja, mifano isiyozidi 5.

Mwisho, kuthibitisha ndani ya SciENcv anafanya mwenyewe. Kiongozi wa mradi hawezi kumbonyezea. PDF ikishatoka haiguswi tena. Kosa likionekana, anarudi kwenye mfumo, anarekebisha na kuthibitisha upya.