Pete Mbili na Bangili: Wasomaji wa Viganja Huona Nini Ndani Yake?

Je, kwa nini wasomaji wa viganja husema kwamba mstari unaozunguka kidole cha shahada ni wa heri, ule wa kidole cha kati ni wa nuksi, na ile ya kwenye kifundo cha mkono huhesabu miaka ya mtu?

Kinachoamua ni mahali mstari ulipo, wala si umbo lake. Katika mfumo wa Ulaya, ambao ndio uliosambaa zaidi, kila kinundu cha nyama kilicho chini ya kidole kimekabidhiwa sayari yake: chini ya kidole cha shahada ni Mshitarii, chini ya cha kati ni Zohali, chini ya cha pete ni Jua, na chini ya kile kidogo ni Utaridi. Tabia za sayari hizo zilikwisha pangwa na wanajimu zamani sana. Wanajimu wa Kiarabu, ambao elimu yao ya falaki ilifika hadi mwambao wetu, waliihesabu Mshitarii kuwa sayari ya heri kuu na Zohali kuwa ya nuhusi kuu. Kwa hiyo mstari mwembamba unaopita kwenye kinundu hurithi sifa za mwenye mahali, hata kabla msomaji hajautazama vizuri.

Pete ya Suleimani huanzia karibu na uwazi ulio kati ya kidole cha shahada na cha kati, hushuka kidogo, hukikata kinundu cha Mshitarii, kisha huishia ukingoni mwa kiganja upande wa kidole gumba. Kwa wengine umejipinda kama upinde, kwa wengine umenyooka kwa mshazari. Wasomaji husema mwenye nao ana hekima, huwatambua watu upesi, husikilizwa anapotoa ushauri, na huvutwa na elimu za siri. Jina lake halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Pwani, kwa sababu kisa cha Nabii Suleimani na pete iliyowatiisha majini kinajulikana. Nchini India sayari ya Mshitarii huitwa Guru, yaani mwalimu, na mstari huohuo husomwa huko kuwa alama ya mtu wa kufundisha na kuongoza.

Kuutafuta kunahitaji subira. Kaa karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu, kunja vidole kidogo tu ili ngozi ilegee, kisha tazama chini ya shina la kidole. Kosa la kawaida ni kuuchukua mkunjo wa shina lenyewe, ambao kila mtu anao, kuwa ndiyo pete. Ukikunja kidole zaidi, mkunjo wa shina hujifunga na kuzama palepale kidole kinapoungana na kiganja, ilhali mstari wa pete hubaki chini yake, juu ya nyama ya kinundu.

Pete ya Zohali ni nusu duara inayokizingira kinundu cha kidole cha kati, kutoka uwazi wa upande mmoja wa kidole hicho hadi uwazi wa upande wa pili. Hapa wasomaji hutoa sababu mahususi. Mstari wa majaliwa, ambao wao huusoma kuwa njia ya kazi na maisha ya mtu, hupanda kutoka upande wa kifundo ukielekea kidole cha kati, na pete hiyo huukinga kama ua kabla haujafika. Ndiyo maana husema mwenye nayo huanza kazi nyingi asizozimaliza, huhama kutoka nia moja hadi nyingine, na hujitenga na watu. Cheiro, msomaji wa viganja aliyezaliwa Ireland mwaka 1866 na kufariki mwaka 1936, aliiona kuwa miongoni mwa alama mbaya kabisa na alidai kwamba hakupata kumwona mwenye nayo akifanikiwa. Wengine hupunguza makali: pete ikiwa imekatika katikati, husema, kuna mlango wa kupitia.

Hoja hiyo ya ua ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa haitumiki sawasawa. Kama mstari unaozingira kinundu hukifungia nguvu zake, basi Pete ya Suleimani nayo ingepaswa kufungia uongozi na heshima ya Mshitarii, na mwenye nayo angesemwa kuwa mtu asiye na makuu wala matumaini. Kinyume chake, wengi husema pete hiyo huzikusanya na kuzikuza sifa hizo. Tendo ni lilelile, hukumu ni mbili, na tofauti pekee ni sifa ya sayari iliyoko juu yake.

Kuna pia tatizo la kuitambua Pete ya Zohali. Mshipi wa Zuhura, mstari ambao husomwa kuwa alama ya hisia nyepesi na moyo unaochomeka haraka, huanzia palepale kati ya shahada na kidole cha kati, lakini hupita chini ya vidole viwili na kuishia kati ya cha pete na kile kidogo. Mshipi ukiwa umekatika, kipande chake cha kwanza hufanana sana na Pete ya Zohali, na mtu huyohuyo anaweza kuambiwa na msomaji mmoja kuwa ana mikosi, kisha akaambiwa na mwingine kuwa ana mapenzi mengi.

Bangili ni mikunjo inayopita kwa upana kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Aghalabu huwa miwili au mitatu. Kanuni inayorudiwa sana ni kwamba kila bangili kamili ni miaka 25 hadi 30, na kwamba ile iliyo karibu zaidi na kiganja hueleza afya. Ikiwa laini na haijakatika, afya ni njema. Ikiwa kama mnyororo, maisha ya awali yana taabu. Ikiwa kwa mwanamke imepanda katikati na kuingia kiganjani kama tao, husemwa kuwa atapata shida ya uzazi.

Tuchukue mkono wa mfano wenye bangili mbili kamili na ya tatu iliyofika nusu ya kifundo. Kwa hesabu ya chini tunapata 25 na 25 na kama 12, yaani miaka 62. Kwa hesabu ya juu tunapata 30 na 30 na 15, yaani miaka 75. Mkono mmoja umetoa tofauti ya miaka 13, na bado hatujautazama wa pili, ambao mara nyingine una idadi nyingine ya mikunjo. Hapo msomaji hujitetea kwa kusema kwamba mkono wa kushoto ni wa uliyozaliwa nayo na wa kulia ni wa uliyoyatenda.

Mikunjo mikuu ya kiganja huanza kuonekana mtoto akiwa tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, na ile ya kifundo hukaa pale ngozi inapojikunja mkono unapoinama. Mtoto mchanga mnono huwa na mkunjo wa kifundo uliozama sana kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya ngozi. Madaktari wa upasuaji wa mkono huitumia mikunjo hiyo pia: ule ulio karibu na kiganja huwaonyesha ukingo wa juu wa utando mgumu unaofunika njia ya neva na kano za vidole, na kwenye ncha zake mbili hupapasa vifupa viwili vidogo vya kifundo kabla ya kuamua mahali pa kupitisha kisu.