Afisa Mteule si Luteni: vyeo vya jeshi vinapogawanyika

Mwezi uliopita tulipokuwa na mazungumzo ya elimu kwa umma hapa Iringa, mama mmoja kutoka Mafinga alisimama akauliza jambo lililokuwa likimsumbua. Kijana wake ametumikia jeshi zaidi ya miaka ishirini na sasa ni Afisa Mteule Daraja la Pili. Ndugu walimpongeza kwa "kuwa afisa". Kisha siku moja wakamwona akimpigia saluti luteni-usu mwenye umri wa kuwa mwanawe. "Je, mwanangu ameshushwa cheo?" aliuliza.

Hapana mama, hajashushwa. Neno "afisa" katika cheo chake ndilo linalotuchanganya wengi.

Vyeo vya jeshi la nchi kavu hupangwa katika makundi matatu. La kwanza ni la askari wa kawaida, wanaoingia kwa mafunzo ya awali na kutekeleza kazi yenyewe: kulenga, kuchimba handaki, kuendesha gari, kulinda lango. Juu yao wapo wasimamizi waliopanda kutoka humo humo: koplo, sajini, sajinitaji, hadi maafisa wateule wa daraja la pili na la kwanza. Koplo na sajini utawatambua kwa alama za V mkononi, mbili kwa koplo na tatu kwa sajini. Kundi la tatu ni la maafisa wenye kamisheni, kuanzia luteni-usu mwenye nyota moja begani mpaka jenerali.

Kinachotenganisha kundi la pili na la tatu ni kamisheni, yaani mamlaka ya kuamuru ambayo afisa hupewa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Ndiyo maana mnamwona Rais akienda Monduli kuwatunuku vijana waliohitimu mafunzo ya uafisa. Saluti huelekezwa kwenye kamisheni hiyo. Umri na miaka ya utumishi havihesabiwi hapo. Afisa mteule amefika kilele cha ngazi ya askari, lakini ngazi ya maafisa ni nyingine, nayo huanzia kwa luteni-usu.

Tuchukue platuni moja ya askari kama thelathini, inayotakiwa kuvuka vilima usiku wa baridi ya Mufindi na kufika mahali fulani kabla ya alfajiri. Luteni hupokea jukumu kutoka kwa kamanda wa kombania, husoma ramani, huchagua njia na kutoa amri. Wakipotea, yeye ndiye atakayejibu. Sajini wa platuni hashindani naye katika hayo. Kazi yake ni kuhesabu watu kabla ya kuondoka na kila wanaposimama, kugawa risasi na maji, na kumtambua anayechechemea kwa malengelenge kabla hajaanguka. Makoplo, kila mmoja na seksheni yake ya watu kama kumi, ndio wanaohakikisha amri imemfikia askari wa mwisho kwenye mstari. Naye afisa mteule, kama mama angemtafuta mwanawe, mara nyingi angemkuta kwenye kombania akiwa sajini meja, msimamizi wa nidhamu ya watu zaidi ya mia na mshauri ambaye meja humsikiliza.

Mambo huharibika pale mmoja anapofanya kazi ya mwenzake. Luteni akishinda akikagua soksi, hakuna anayeangalia ramani. Sajini akibadili njia kimyakimya, platuni inakuwa na makamanda wawili. Dalili yake ni rahisi kuona: amri ikishatolewa, askari humgeukia sajini kwanza kuona kama ametikisa kichwa.

Historia yetu ina mfano mkubwa zaidi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na wenzao wa Tabora wakafuata. Masajini walikuwa mstari wa mbele, na walichodai ni mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza, maana nafasi za juu za kundi la tatu zilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Katika miaka ya 1950 jeshi la kikoloni lilikuwa limebuni cheo cha "effendi" kwa Waafrika wachache, juu ya sajini meja lakini chini ya kamisheni kamili. Kwa miaka hiyo mlango wa kundi la tatu ulibaki umefungwa. Baada ya maasi Tanganyika Rifles lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 JWTZ likaanzishwa. David Musuguri, aliyeanza akiwa askari wa kawaida wa King's African Rifles, jeshi hilo la kikoloni, alifika ujenerali na kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980.



Mama yule alipokwenda kukaa aliuliza tena kama mwanawe anaweza kuuvuka mlango huo wa kundi la tatu. Jeshi huweza kumchagua askari anayefaa na kumpeleka kwenye mafunzo ya uafisa. Akihitimu, huanza upya chini ya ngazi ile nyingine.